Rafiki wa miaka minne kanifungukia kwa voisi. Nataka kumwambia hapana. Nisaidieni kuipanga meseji

#1 Mwanjelwa_Kitenge
Habari za baridi wakuu. Niende moja kwa moja.

Nina rafiki wa kiume, nimwite G. Tumefahamiana miaka minne. Mimi nauza vitenge, yeye anapakia viazi vya Uyole kupeleka Dar. Tuko kikundi kimoja cha hisa, tunakutana kila Jumamosi jioni. Mama yangu alipolazwa Rufaa mwaka jana, G ndiye aliyekuwa anatuletea uji asubuhi kabla hajaenda kwenye mzigo. Ni mtu wangu kabisa, lakini moyo haujawahi kwenda huko kwingine.

Alhamisi usiku kanitumia voisi ya dakika nne. Kasema anipende kwa siri mpaka lini, anataka tuwe pamoja, na akamalizia "usinijibu leo, fikiria." Nimeisikiliza mara tatu. Leo Jumamosi sijajibu na kikundini sikwenda, nimesingizia mafua. Nimeandika hivi ila mkono unasita kutuma:

"Habari G. Samahani sana kwa kuchelewa kujibu. Nimeguswa sana na maneno yako. Nakupenda sana kama rafiki na wewe ni mtu mzuri, mwanamke yeyote atakayekupata ana bahati. Ila kwa sasa sijawa tayari kwa mahusiano, akili yote iko kwenye biashara. Naomba tusibadilike, tuendelee kama zamani. Nisamehe sana kama nimekuumiza."

Iko sawa? Sitaki kumpoteza, sitaki pia kumdanganya.

#2 Dereva_Tunduma
Pole mkuu. Mimi pia nilimwambia rafiki yangu wa kike, akaninunia wiki mbili. Usikate tamaa, mpelekee mamaye zawadi, endelea kuwa karibu. Mwanamke akisema hapana mara ya kwanza anakupima tu.

#3 Viazi_Mviringo
Dereva umesoma kichwa cha habari ukiwa kwenye usukani nini? Aliyeombwa ndiye huyu dada, wala hakuomba yeye. Na hiyo "anakupima tu" ndiyo inayowafanya watu wasiaminiwe wakisema hapana.

Dada, mimi ningesema mwite kaka. "G kaka yangu, nakuheshimu sana." Basi. Ukishamwita mtu kaka mlango umefungwa, kila mtu anaelewa.

#4 Kijana_Mlandege
Meseji ya nini? Kimya nacho ni jibu. Akiona tiki za bluu na hakuna maneno ataelewa. Akizidi, mpige bloku.

#5 MamaTukuyu
Mwanangu Mlandege, bloku ni ya mtu anayesumbua. Huyu hajamsumbua mtu. Kasema mara moja, kwa adabu, akaomba jibu. Mtu wa hivyo ukimkalia kimya hapumziki, atakuwa anaifungua simu usiku kuangalia kama uko hewani. Na Jumamosi atakukuta kikundini, utampiga bloku ya macho?

Dada Kitenge, nimekaa na vijana wa kanisani miaka mingi, kesi hizi zinakuja kila mwaka. Meseji yako ina upendo lakini haina jibu. Nimeisoma nikilitafuta neno "hapana" sijaliona. Kila sentensi inamwachia G pa kushika. "Kwa sasa" anashika. "Biashara" anashika, maana atasema nitamsaidia biashara ikae sawa, halafu muda utapatikana. "Tuendelee kama zamani", anaendelea kuleta uji.

Sababu ndiyo inayowaponza wengi. Ukimpa mtu sababu umempa kazi ya kuitatua. Umesema huna muda, atakupunguzia kazi. Umesema wazazi hawatakubali, atakwenda kwa wazazi. Lakini "sina hisia hizo kwako" haina cha kurekebisha. Inauma siku moja, ila haimpi kazi.

Halafu tuma neno leo hii, hata kama jibu kamili halijaiva: "G, voisi nimeisikia, nitakujibu kesho jioni." Siku tatu za kimya kwake ni ndefu kuliko kwako.

#6 Kihesa_Juu
MamaTukuyu kanigusa penyewe. Nilikuwa chuo hapa Iringa, rafiki yangu wa darasani akanifungukia. Nikaona nisimuumize, nikamwambia "ngoja nimalize chuo kwanza." Kwangu ilikuwa hapana ya heshima. Kwake ilikuwa tarehe.

Hakunigusa tena, hakunisumbua, alikuwa mpole miaka miwili yote. Mwezi mmoja baada ya mahafali baba ananipigia simu kutoka nyumbani: kuna wazee wamekuja na barua ya posa, wanasema binti anajua. Nilitamani ardhi ipasuke. Ilibidi baba awarudishe watu wazima waliopanda gari kutoka mbali, na yule kaka akaniambia neno ambalo silisahau: "Ungeniambia siku ile ningelia nikapona." Mimi ndiye niliyemchukulia miaka miwili, kwa kuogopa kusema sentensi moja.

#7 Mwanjelwa_Kitenge
Nimesoma nikiwa nimekaa juu ya robota la mzigo. Kihesa pole sana dada. MamaTukuyu shikamoo, asante. Nimemtumia ile ya "nitakujibu kesho jioni". Kajibu "sawa" na hakuna zaidi.

Ila mama, "sina hisia kwako" si ukatili kweli? Mtu aliyemletea mama yangu uji?

#8 Mwalimu_Makete
Nafundisha Kiswahili, naomba nilitazame hili kwa jicho la lugha, maana lugha yetu yenyewe ina mitego hapa.

Mtego wa kwanza ni "sijawa tayari". Ile -ja- maana yake jambo halijatokea lakini linaweza kutokea. "Sijala" anasema mtu anayetarajia kula. Ukimwambia "sijakupenda hivyo" umemwambia bado, na bado ni ahadi. Linganisha na "sikupendi kwa namna hiyo" au "sina hisia za mapenzi kwako". Hapo hakuna bado. Dada wala hakukusudia, lakini msikilizaji mwenye matumaini anaisikia -ja- kama kengele.

Mtego wa pili ni "nakupenda". Kwetu neno hilo moja linabeba mama, rafiki, mchumba na wali wa Kyela. Ukiandika "nakupenda sana kama rafiki", G atasoma maneno mawili ya mwanzo mara kumi na mawili ya mwisho mara moja. Weka "nakuthamini", weka "urafiki wako una maana kwangu". Neno lenyewe liache kabisa kwenye meseji hii.

La tatu, "mwanamke yeyote atakayekupata ana bahati." Mtu mwenye maumivu atauliza: kama ni bahati, mbona wewe hutaki?

Kuhusu "kaka" ya Viazi sikubaliani sana. Huku Nyanda za Juu tunamwita kaka kila mtu, hata kondakta wa Kosta. Kaka peke yake haifungi kitu.

#9 Viazi_Mviringo
Mwalimu, inategemea ilivyosemwa! Ukimwita mtu kwa jina miaka minne halafu siku moja ukaanza "kaka", ataelewa.

#10 Soweto_Kwetu
Ataelewa, na ataumia mara mbili, maana umemkataa halafu ukambadilishia cheo. Mimi niliitwa kaka hivyo hivyo, kwa ghafla. Nilijisikia kama nimefanya jambo la aibu la kumtamani dada yangu.

Niseme kama mtu aliyewahi kukataliwa vizuri na kukataliwa vibaya. Wa kwanza alinikwepa. Nikipiga simu yuko sokoni, nikienda sokoni yuko kanisani. Nilikuja kujua kupitia wenzake, ambao walishanicheka mwezi mzima. Wa pili aliniita tukakaa kwenye benchi, akasema "asante kwa kuniambia, lakini hapana, sikuoni hivyo, na sidhani kama itabadilika." Nililia ndani ya bajaji mpaka Mafiati. Lakini yule wa pili hadi leo nikimkuta namsalimia kwa moyo mweupe. Kwa hiyo dada swali lako la ukatili mimi nalijibu: hapana, ukatili ni ule wa kwanza.

Ila kitu kimoja MamaTukuyu nikusahihishe kidogo. Sentensi ya "sina hisia kwako" ikiwa peke yake bila "asante kwa kuniambia" inafika kama kofi. Aliyefunguka kajivua nguo mbele yako. Mtupie kwanza shuka.

#11 MamaTukuyu
Nakubali kaka Soweto. Shuka kwanza.

#12 Msomaji_Mafinga
Hili liliwahi kufanyiwa utafiti. Baumeister, Wotman na Stillwell, Wamarekani, mwaka 1993 walichapisha kazi juu ya mapenzi ya upande mmoja. Waliwaandikisha watu visa vyao vya pande zote mbili, kupenda na kupendwa bila kutaka. Kilichonikaa kichwani ni kwamba aliyependwa naye anateseka. Anajiona ana hatia, na hajui aseme nini, kwa sababu hadithi na nyimbo zinamfundisha mtu kupenda na kubembeleza, hazimfundishi kukataa. Na pande mbili zilikumbuka tofauti: mpendaji anasema nilipewa matumaini, mkataaji anasema sikumpa.

Kwa hiyo dada, hata ukiandika vizuri kiasi gani, G anaweza kukumbuka ule uji na chai mlizokunywa kama ishara. Usishangae wala usianze kubishana naye kuhusu hilo.

#13 Kijana_Mlandege
Hao Wamarekani. Huku kwetu mtu anatuma mshenga, jibu linarudi kwa mshenga, hakuna anayeona aibu. Mwambie rafiki yenu wa kikundini akamweleze.

#14 Kihesa_Juu
Mshenga anapeleka habari iliyokwishaiva kwa wazee. Huyu kaja mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe. Ukimrudishia jibu kwa mdomo wa mtu wa tatu umemwongezea shahidi wa aibu yake.

#15 Mwalimu_Makete
Hapo nipo na Kihesa. Ningeongeza kuhusu "samahani" na "nisamehe". Dada ameomba msamaha mara mbili. Unaomba msamaha wa kosa gani? Kutompenda mtu si kosa. Na ukisema "nisamehe" unamwachia yeye mzigo, maana sasa inabidi akuambie "usijali, nimekusamehe" wakati ndio kwanza anavuja damu. Kiswahili kina neno zuri zaidi kwa hili, "pole". Pole haikiri kosa, inakiri kwamba mwenzako ana maumivu.

#16 Soweto_Kwetu
Mwalimu hapo hapana! Aliyenichoma kisu aniambie pole? Pole anasema mpita njia. Ningepewa pole siku ile ningekasirika.

#17 MamaTukuyu
Mimi naona inategemea pole imekaa wapi. "Pole sana jamani" ni ya msibani. "Najua hili si jibu ulilotaka, pole" inapita. Lakini simlazimishi mtu.

#18 Dereva_Tunduma
Kwanza niombe radhi kwa ya juu, nilisoma nikiwa foleni ya mpakani. Sasa swali langu la kweli: mtu wa aina hiyo kwa nini asiambiwe uso kwa uso? Meseji ni woga.

#19 Kihesa_Juu
Alifunguka kwa voisi mwenyewe, Dereva. Alichagua njia ambayo hatazamwi usoni. Ukimwita uso kwa uso atavaa shati zuri, atapanda daladala akidhani anaenda kuambiwa ndiyo. Mjibu kwa njia aliyoitumia yeye. Angesema mbele yako, jibu mbele yake.

#20 Soweto_Kwetu
Lakini mimi niliambiwa kwenye benchi na nilishukuru. Maandishi hayana sauti, mtu anayasoma kwa hasira aliyonayo.

#21 MamaTukuyu
Kuna njia ya kati: andika, kisha ongeza kwamba akitaka kuongea kwa simu utapokea. Voisi mimi siipendi kwa kukataa, utaanza kuhema na kujieleza, dakika nne zinageuka hotuba, na yeye ataisikiliza mara ishirini akitafuta pale ulipotetemeka. Maandishi mafupi, mchana au jioni ya mapema. Usimtumie saa tano usiku akabaki peke yake na dari.

#22 Mwanjelwa_Kitenge
Kuna jambo sikulisema na linanikwaza. Mama alipolazwa G alinipa elfu sabini, akasema si mkopo. Nimrudishie kabla ya kumjibu? Naona kama namla mtu hela halafu namkataa.

#23 Viazi_Mviringo
Rudisha. Deni la hela na deni la moyo visikae chungu kimoja.

#24 Soweto_Kwetu
Usirudishe! Ningerudishiwa hela yangu siku ya kukataliwa ningeona nilikuwa nanunua. Alimpa mgonjwa, hakukupa wewe.

#25 MamaTukuyu
Si siku hiyo hiyo, hilo nina uhakika nalo. Baadaye nyumbani kwao kukiwa na msiba au mgonjwa, nenda na mkono wako. Ila kuanzia leo usipokee kipya. Hata gunia la viazi la bei ya rafiki, lipia bei ya soko. Hapo ndipo wengi wanaanguka: jibu limesema hapana, mikono inaendelea kusema labda.

#26 Viazi_Mviringo
Gunia lenyewe la lumbesa au la kipimo? Maana bei ya soko huku Uyole kila mtu ana yake.

#27 Mwalimu_Makete
Viazi, fungua uzi wako wa lumbesa tuje huko tukulipue.

#28 Mwanjelwa_Kitenge
Nimeandika upya, nimefuta mara nyingi. Tazameni:

"G, nimeisikiliza voisi yako yote. Asante kwa kuniambia mwenyewe, najua haikuwa rahisi. Nimefikiri kama ulivyoniomba, na jibu langu ni hapana. Nakuthamini kama rafiki, lakini sina hisia za mapenzi kwako na sitaki usubiri ukidhani zitakuja. Najua hili si jibu ulilotaka. Ukihitaji kukaa mbali na mimi kwa muda nitaelewa. Ukitaka kuongea, nipigie. Jumamosi kikundini tutasalimiana kama kawaida. Sijamwambia mtu yeyote."

#29 Kijana_Mlandege
Dada, "sijamwambia mtu yeyote" na sisi hapa ni mbuzi?

#30 MamaTukuyu
Mlandege leo kasema kweli tupu. Itoe hiyo, isije siku moja akaukuta uzi huu ukawa mwongo. Andika "hili halitatoka kwangu kwenda kwa watu wetu", na ulitimize. Usiweke na stetasi za mafumbo.

Na ile "tutasalimiana kama kawaida", usimpangie. Sema "mimi nitakusalimia kama kawaida". Yako unaiweza, yake humuamulii.

#31 Kihesa_Juu
Mimi ningebakisha "na sitaki usubiri" hata kama kila kitu kingine kitafutwa. Ndiyo sentensi niliyokosa kuisema.

#32 Mwalimu_Makete
Naona umeacha pole na umeacha samahani. Haya, mabishano yetu umeyaruka.

#33 Ngosi_Juu
Samahani kuingilia. Kwangu ni kinyume, mimi mwanaume na aliyefunguka ni rafiki wa kike, tulipopanda Ziwa Ngosi na wenzetu. Huku mwanamke akitangulia kusema watu wanamwona hana haya. Ninaogopa nikisema hapana wazi namdhalilisha zaidi. Nimwambie nini tofauti?

#34 Soweto_Kwetu
Hakuna tofauti ya maneno, kuna tofauti ya siri. Wewe ndiye ukifungua mdomo kwa wenzako mliopanda nao huko juu, yeye atachekwa kuliko G atakavyochekwa. Mjibu hivyo hivyo, halafu funga mdomo kuliko huyu dada alivyofunga.

#35 Dereva_Tunduma
Na usimchukue eti kwa sababu kajileta. Nimewahi kuona, iliishia vibaya kwa wote wawili.

#36 Mwanjelwa_Kitenge
Mrejesho. Nilituma Jumapili saa kumi na moja jioni, na marekebisho ya mama. Tiki za bluu zikaja baada ya dakika mbili. Jibu likaja saa tatu usiku: "Sawa dada. Nimeelewa. Asante kwa kutonizungusha." Nililia, sijui hata nalia nini.

Jumatatu akatuma "umeamkaje" kama kila siku. Nikamjibu "salama, na wewe?" nikaishia hapo, sikuongeza vikatuni. Tangu Jumanne kimya. Jumamosi kikundini hakuja, alimtuma mdogo wake na hela za hisa, zimetimia hadi senti. Mdogo wake kaniambia kaka anasema yuko kwenye mzigo Makambako.

Miaka minne hajawahi kuniita dada. Ananiita kwa jina.

#37 Viazi_Mviringo
Si niliwaambia! Kaka na dada ndiyo kufunga mlango. Kaufunga mwenyewe kwa heshima. Huyo atapona.

#38 Soweto_Kwetu
Mimi naisikia tofauti. Hiyo "dada" ni kidonda. Kajitenga hatua kumi kwa neno moja. Usimfuate kumuuliza, na usimwombe arudi kuwa yule wa zamani. Akirudi atarudi kwa jina.

#39 MamaTukuyu
Inaweza kuwa yote mawili, wanangu. Dada Kitenge, Jumamosi ijayo wewe nenda kikundini, safari hii usiugue mafua. Ukimkuta, msalimie. Asipokuja, lipa hisa zako urudi nyumbani.

#40 Mwanjelwa_Kitenge
Nitakwenda mama. Na wiki hii viazi nimenunua kwa mtu mwingine pale Kabwe, kwa bei ya soko. Sijui kama nimefanya vizuri au nimemuongezea.

#41 Viazi_Mviringo
Gunia ulipewa la kipimo au lumbesa?